Kuifanya kompyuta isome makala ya Kiswahili bila kuvuruga majina

Makala ndefu ya Kiswahili kuhusu Johannesburg ni mtihani mgumu kwa kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti. Ndani yake hukutana majina ya Kisotho, Kizulu, Kixhosa, Kiingereza na Kiafrikana, yote yakiwa yamezungukwa na sarufi ya Kiswahili.

Msomaji anayeona akikutana na jina asilolijua hulitazama mara ya pili na kuendelea. Msikilizaji asiyeona hana nafasi hiyo, kwani jina likitamkwa vibaya hubaki nalo hivyo hivyo, na huenda asilitambue atakapolisikia kwa usahihi redioni au mahakamani.

Maelezo yafuatayo yanaonyesha jinsi ya kuiandaa makala ya aina hiyo kwa kutumia programu ya bure ya eSpeak NG, na jinsi ya kuifundisha itamke majina ipasavyo.

Haki ya kusikiliza

Johannesburg ni makao ya Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini. Tarehe 21 Septemba 2022 mahakama hiyo ilitoa hukumu katika shauri lililofunguliwa na Blind SA, jumuiya ya watu wasioona, dhidi ya waziri wa biashara, viwanda na ushindani.

Majaji waliamua kwamba Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1978 ilikiuka katiba kwa kiasi ilivyowazuia watu wenye ulemavu wa kuona kupata vitabu na maandishi mengine katika namna wanayoweza kuitumia. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kugeuza kitabu kuwa sauti au nukta nundu alihitaji kwanza idhini ya mwenye hakimiliki.

Hukumu hiyo ilihusu ruhusa ya kutengeneza nakala, wala haikugusa ubora wake. Nakala ya sauti inayotaja kila jina la mtu na la mahali kwa namna isiyotambulika imekamilika kisheria, lakini haijamfikishia msikilizaji kile kilichoandikwa.

Katika mitaa kama Yeoville, ambako wanaishi wahamiaji wengi kutoka Congo na nchi nyingine za Afrika, Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazosikika kila siku. Kwa asiyeona miongoni mwa wazungumzaji hao, habari za mji anaoishi zimejaa majina ambayo si ya Kiswahili.

Sauti ya Kiswahili ilikotoka

Majaribio ya kuifanya kompyuta izungumze Kiswahili si mapya. Katika miaka ya 2000 mradi wa kimataifa uliojulikana kwa kifupi kama LLSTI uliwasaidia watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi kujenga sauti ya Kiswahili, na wenzao wa Afrika Kusini kujenga sauti ya Kizulu. Walitumia Festival, programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambayo huunganisha vipande vya sauti ya mtu iliyorekodiwa.

Programu ya eSpeak, iliyoandikwa na Jonathan Duddington wa Uingereza, ilifuata njia nyingine. Haina sauti ya mtu iliyorekodiwa kwa kila neno, bali huzitengeneza sauti kwa hesabu. Kwa hiyo ni ndogo sana, hufanya kazi hata katika kompyuta kuukuu, na haihitaji intaneti. Tangu mwaka 2015 inaendelezwa na watu wa kujitolea kwa jina la eSpeak NG, na ndiyo sauti inayokuja pamoja na NVDA, programu ya bure inayowasomea wasioona yaliyomo kwenye skrini.

Sauti yake ni kavu na haina uhai wa sauti ya binadamu. Faida yake ni kwamba kanuni zake za matamshi ziko wazi katika mafaili ya maandishi ya kawaida, ambayo mtu yeyote anaweza kuyafungua na kuyarekebisha.

Kwa nini inakosea

Maandishi ya Kiswahili yanakaribiana sana na matamshi yake. Kila irabu ina sauti moja, na mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kanuni chache zinatosha kutamka maelfu ya maneno, na ndiyo maana hata programu ndogo husoma Kiswahili cha kawaida kwa namna inayoeleweka.

Makosa huanza pale maandishi yanapoacha kufuata kanuni hizo, na makubwa yako ya aina tatu.

Kwanza ni majina ya lugha nyingine zinazotumia herufi zile zile kwa sauti tofauti. Herufi th katika Kiswahili ni sauti inayoanza neno thamani. Katika Kisotho na Kizulu, th ni t inayosukumwa kwa pumzi. Kompyuta inayofuata kanuni za Kiswahili kwa uaminifu italitamka jina Thabo kana kwamba linaanza kama thamani, na mtu yeyote wa Johannesburg atashangaa.

Hali ni hiyo hiyo kwa ph katika Ramaphosa, ambayo ni p yenye pumzi. Jina Gauteng, la mkoa ambamo mji huo umo, huanza kwa sauti inayokaribia kh ya Kiswahili. Upande wa Kenya, th ya Kikuyu katika majina kama Thiong'o na Maathai iko karibu na dh.

Pili ni maneno ya Kiswahili chenyewe ambayo mkazo wake hauko mahali pa kawaida. Neno lazima hutamkwa na wengi kwa mkazo kwenye silabi ya kwanza. Neno barabara lina maana mbili: likiwa njia, mkazo uko kwenye silabi ya tatu, na likiwa na maana ya sawasawa, mkazo uko kwenye silabi ya pili. Walakini nalo ni hivyo, kwani mkazo ndio unaotenganisha neno lenye maana ya lakini na lile lenye maana ya kasoro.

Tatu ni tarakimu na vifupisho. Tarakimu 5 haina matamshi mamoja katika Kiswahili. Watu 5 ni watano, vitabu 5 ni vitano, masanduku 5 ni matano, na nyumba 5 ni tano. Kompyuta isiyojua ngeli husema tano kila mahali. Ni sita, saba, tisa na kumi tu, katika hesabu za hadi kumi, ambazo hazibadiliki.

Hatua ya kwanza: kusafisha maandishi

Kazi huanza kwenye nakala ya maandishi kabla ya kugusa programu yenyewe. Asili ya makala ihifadhiwe kama ilivyo, na mabadiliko yote yafanywe kwenye nakala ya kusomwa.

Tuchukue sentensi ya mfano, ya aina inayopatikana katika habari yoyote ya mji huo:

"Dkt. Thabo na wenzake 2 walifika Johannesburg saa 3:30 asubuhi wakiwa na masanduku 5 na R1,200."

Sentensi hii fupi ina mitego kadhaa. Nukta baada ya Dkt. inaweza kuchukuliwa kuwa mwisho wa sentensi, na sauti ikatua pasipo sababu. Wenzake 2 itasomwa wenzake mbili. Saa 3:30 huenda ikasomwa kama tarakimu mbili zisizohusiana, na R1,200 inaweza kuanza kwa jina la herufi.

Katika nakala ya kusomwa sentensi inakuwa hivi:

"Daktari Thabo na wenzake wawili walifika Johannesburg saa tatu na nusu asubuhi, wakiwa na masanduku matano na randi elfu moja na mia mbili."

Tahadhari inahitajika kwenye saa. Vyanzo vya Afrika Kusini huandika 09:30, na mwandishi wa Kiswahili humaanisha saa tatu na nusu. Anayeandaa nakala lazima ajue tarakimu iliyo mbele yake inafuata hesabu gani, kwani kompyuta haiwezi kumwamulia.

Jambo jingine la kusafisha ni mistari. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka ukurasa uliochapwa mara nyingi hukatwa katikati ya sentensi, au neno hugawanywa kwa kistari mwishoni mwa mstari. Sauti nayo huweza kutua mahali hapo hapo, au kulisoma neno kama mawili. Mistari ya aya moja iunganishwe, na aya zitenganishwe kwa mstari mtupu.

Vichwa vidogo vya habari navyo viwekewe nukta mwishoni. Bila nukta, kichwa huweza kuungana na sentensi inayofuata, na msikilizaji akadhani ni maneno ya mtu mmoja yasiyo na mantiki.

Mwisho, alama ya ng' iangaliwe. Programu za kuandikia hupenda kuigeuza kuwa alama iliyopinda, na si kila programu ya kusoma hulichukulia hilo kwa namna moja. Kipimo chake ni rahisi: neno ng'ombe likisikika kama ngombe, alama zote zibadilishwe ziwe zile zilizonyooka.

Hatua ya pili: kuona matamshi

Kabla ya kusahihisha jina ni vyema kuona programu inalitamkaje. Amri ifuatayo haitoi sauti, bali huandika matamshi kwenye skrini:

```
espeak-ng -v sw -q -x "Thabo alifika Johannesburg"
```

Alama ' katika jibu huonyesha kwamba irabu inayoifuata ndiyo yenye mkazo. Kwa kuitazama tu, mtu anaweza kujua kama tatizo ni sauti ya herufi au ni mahali pa mkazo, na mambo hayo mawili yana tiba tofauti.

Orodha ya majina yote ya makala itengenezwe mwanzoni. Hata katika makala ndefu, majina yanayohitaji kazi kwa kawaida si mengi, kwa sababu yale yale hujirudia.

Hatua ya tatu: kuandika kamusi ndogo

Kanuni za Kiswahili katika eSpeak NG ziko katika folda ya dictsource. Faili la sw_rules lina kanuni za herufi, na sw_list lina maneno yenye matamshi ya pekee. Mtumiaji anaweza kuongeza faili lake mwenyewe, sw_extra, bila kugusa hayo mawili.

Kwa mfano wetu faili hilo linaweza kuwa hivi:

```
thabo         tabo         $text
ramaphosa     ramaposa     $text
johannesburg  johanesbagi  $text
gauteng       khauteng     $text
lazima        $1
```

Neno la kwanza la kila mstari ni lile lililoandikwa katika makala, kwa herufi ndogo. Alama ya $text huiambia programu isome tahajia ya pili badala ya ile ya kwanza. Alama ya $1 haibadilishi herufi yoyote, ila huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza.

Faili likishahifadhiwa, kamusi hutengenezwa upya kwa amri hii, ikitolewa ukiwa ndani ya folda ya dictsource:

```
espeak-ng --compile=sw
```

Katika kompyuta nyingi amri hiyo huhitaji ruhusa ya msimamizi, kwa kuwa hubadilisha faili la programu. Ikikataa, hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuchunguza. Ikikubali na jina likaendelea kusomwa kama zamani, huenda kamusi imeandikwa mahali pengine kuliko pale programu inakosoma. Amri ya -x hapo juu irudiwe ili kuthibitisha kabla ya kuendelea.

Mahali pa kusimama

Mtu aliyekwisha kuona th ya Thabo ikisomwa vibaya huweza kushawishika kwenda moja kwa moja kwenye sw_rules na kubadilisha kanuni ya th. Asifanye hivyo. Kanuni hiyo ndiyo inayosoma thelathini, methali na thamani, na kuibadilisha kutaponya jina moja na kuharibu maneno mengi yaliyokuwa salama.

Kamusi nayo ina mpaka wake. Huangalia neno zima kama lilivyoandikwa. Jina la mtu halibadiliki katika sentensi za Kiswahili, hivyo mstari mmoja unatosha. Lakini kitenzi hubeba viambishi vya nafsi, wakati na mtendwa, na kitenzi kimoja kina maumbo mamia. Kurekebisha lazima hakuathiri ililazimika wala walimlazimisha. Kwa hiyo kamusi itumike kwa majina na maneno yasiyonyambulika.

Maneno kama barabara hayawezi kutatuliwa na kamusi, kwa kuwa maandishi ni yale yale na maana ndiyo inayotofautiana. Njia iliyobaki ni kulirekebisha neno pale pale lilipo. Andiko la matamshi linalotolewa na -x huwekwa ndani ya mabano mawili ya mraba, [[ na ]], alama ya mkazo ikihamishiwa kwenye irabu inayotakiwa. Programu hulisoma kama matamshi na si kama tahajia.

Na kuna sauti ambazo sauti ya Kiswahili haina. Herufi c, q na x katika Kixhosa na Kizulu ni midoko, yaani sauti za kugonga ulimi. Jina Xolani haliwezi kutamkwa kikamilifu kwa sauti za Kiswahili. Kuliandika kolani katika kamusi huleta kile ambacho Waswahili wengi husema, na ni bora kuliko kuiacha programu ibuni. Ni maafikiano tu, na anayeandaa makala ayatumie kwa namna moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, ili msikilizaji asidhani ni watu wawili.

Hatua ya nne: kusoma makala ndefu

Faili moja la sauti la dakika arobaini ni mzigo. Msikilizaji akikatizwa hawezi kurudi mahali alipoachia bila kupapasa, na kosa moja humlazimu mwandaaji kutengeneza faili zima upya. Makala igawanywe kwa vichwa vyake vidogo, kila sehemu na faili lake:

```
espeak-ng -v sw -s 140 -f sehemu01.txt -w sehemu01.wav
```

Tarakimu ya -s ni kasi, kwa maneno ya dakika moja. Programu isipoambiwa hutumia 175. Wasioona waliozoea huipandisha sana kasi hiyo, lakini anayesikiliza makala yenye majina mageni kwa mara ya kwanza huhitaji mwendo wa pole, na 140 ni mahali pazuri pa kuanzia.

Faili la wav linalotolewa ni kubwa. Dakika moja huchukua takriban megabaiti 2.6, kwa hiyo dakika 20 hufika karibu megabaiti 53. Kwa anayelipia intaneti kwa kipimo, hiyo ni fedha. Sauti ya mazungumzo haihitaji ukubwa huo, na amri hii huipunguza hadi chini ya megabaiti 5 kwa dakika hizo hizo 20:

```
ffmpeg -i sehemu01.wav -b:a 32k sehemu01.mp3
```

Jinsi ya kupima

Aliyeandika kamusi ndiye mpimaji dhaifu kuliko wote. Anajua jina linalokuja, na sikio lake hulisikia hata kabla halijatamkwa.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni imla. Mtu asiyeyaona maandishi asikilize sehemu moja na kuandika kila jina analolisikia. Majina yake yakilinganishwa na ya makala, makosa hujitokeza yenyewe. Akiandika Tabo badala ya Thabo, kazi imefanikiwa, maana amesikia sauti inayotakiwa. Akiweka alama ya kuuliza, jina hilo lirudi kwenye kamusi.

Kwa majina ya Afrika Kusini, mpimaji wa pili awe mzungumzaji wa lugha husika. Johannesburg hilo si gumu, kwa kuwa Msotho, Mzulu na Mxhosa huweza kupatikana katika jengo moja. Swali la kumuuliza ni kama analitambua jina hilo, si kama limetamkwa kama anavyolitamka yeye.

Sauti mpya, makosa mapya

Katika miaka ya karibuni zimekuja sauti za Kiswahili zilizojifunza kutokana na rekodi nyingi za binadamu. Microsoft, kwa mfano, ina sauti za Kenya na za Tanzania, na mwaka 2023 kampuni ya Meta ilitoa mfumo wa lugha nyingi ambamo Kiswahili kimo. Sauti hizo zina kiimbo kinachokaribia cha mtu, na kwa makala ndefu hazichoshi upesi.

Hata hivyo hazina faili la kanuni ambalo mtumiaji anaweza kulifungua. Zikikosea jina, huweza kulikosea kwa namna moja katika sentensi ya kwanza na kwa namna nyingine katika ya pili. Aidha, uzuri wa sauti humfanya msikilizaji aliamini kosa hilo.

Kazi iliyoelezwa hapa haipotei kwa anayehamia huko. Nakala iliyosafishwa, yenye tarakimu zilizoandikwa kwa maneno na kwa ngeli sahihi, husomwa vizuri zaidi na sauti yoyote. Orodha ya majina nayo huhamishika, kwani mifumo mingi hiyo hukubali tahajia mbadala, kama katika mfano huu:

```
<sub alias="Tabo">Thabo</sub>
```

Kwa hiyo orodha hiyo ihifadhiwe kando ya makala, na iongezwe kila makala mpya inapoandaliwa. Makala ya pili kuhusu Johannesburg itakuta Thabo, Ramaphosa na Gauteng wamo tayari, na kazi itakuwa ya majina mapya peke yake.